Saa inasema 21.43, mbio ni nusu marathoni: nyota mbili, na moja ni ya huruma

Rangi ya saa hii ya kukimbilia, uzito na siku ngapi inakaa na chaji, tafuteni wenyewe. Mimi nina hasira ya jambo moja tu: umbali inaoupima kwa satelaiti. Na nina hasira zaidi na yule kijana aliyeniuzia.

Nimekimbia nusu marathoni hapa Dar juzijuzi. Lengo lilikuwa kumaliza chini ya 1:45, na hesabu yake ni dakika 4:58 kwa kilomita. Nikaitazama saa njia nzima, wastani ukakaa 4:58 kama umegandishwa. Nafika mwisho, saa kubwa ya waandaaji inasoma 1:46 na sekunde ishirini na ushee. Ya mkononi inasema nimekimbia 21.43. Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Mita kama 330 za ziada. Ukigawa muda wangu kwa umbali halali unapata 5:03, siyo 4:58. Sekunde tano kwa kila kilomita saa imenihonga.

Nikaenda dukani. Kijana hata hakunyanyua macho kwenye simu. "Dada, saa haidanganyi. Hao waandaaji wanapima kwa pikipiki." Nikamwambia njia ile imepimwa na mpimaji anayetambulika. Akacheka. "Basi labda ulikuwa unakimbia ovyo ovyo." Mbele ya wateja!

Sasa nimjibu hapa. Mimi nimewahi kushika ncha ya utepe wa chuma wakati njia inapimwa, najua kinachofanyika. Hakuna pikipiki. Ni baiskeli, na kwenye ekseli ya gurudumu la mbele kuna kihesabio kidogo kinachoitwa Jones. Kila kilomita kinahesabu zaidi ya elfu tisa, yaani tarakimu moja ni kama sentimita kumi au pungufu. Kabla ya kupima, baiskeli inapitishwa kwanza mara kadhaa kwenye kipande kilichonyooka kilichopimwa kwa utepe, ili ijulikane gurudumu linahesabu ngapi kwa kilomita asubuhi hiyo. Kazi ikiisha inarudishwa palepale, kwa sababu jua likipanda hewa ya tairi inatanuka na hesabu inabadilika. Juu ya hapo wanaongeza mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Kwa hiyo mita 21 kati ya zile 330 zinaweza kuwa lami ya kweli. Hizo siidai saa.

Kitu ambacho wakimbiaji wengi hawakijui ni mstari anaoufuata mpimaji. Hapiti katikati ya barabara. Anafuata njia fupi kuliko zote inayoruhusiwa: kwenye kona anabana sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani, kona ikiisha anakata mshazari hadi ukingo wa ndani wa kona inayofuata. Wewe mwenye namba kifuani huwezi kuupata mstari huo, maana kuna watu mia mbele yako nao wanautaka.

Hapo ndipo mita zinapopotea, na si kwenye kuzungukazunguka watu kama tunavyolalamika. Ukihama mita tatu pembeni ndani ya mita ishirini ili umpite mtu, umeongeza kama sentimita 22 tu. Lakini kona ya pembe mraba ukiipiga kwa nje, mita sita mbali na mstari wa mpimaji, umeongeza mita tisa na nusu hivi. Kiplefti cha kugeuzia, kwa umbali uleule, kinakula karibu mita 19. Njia yetu ilikuwa na kona za kutosha. Nikijumlisha kwa ukarimu kabisa, kona zimenila mita 80, tuseme 90. Kwa hiyo yule kijana ana ukweli wake kidogo, ingawa simpi. Kuna mita zaidi ya 200 ambazo miguu yangu haikuzigusa.

Hizo ni za saa, na ramani ilinionyesha zilipo. Kwenye Daraja la Tanzanite, bahari huku na huku na anga wazi, mstari wangu umenyooka, na saa na kibao cha kilomita vilikuwa vinakwenda pamoja. Tulipoingia mjini, Barabara ya Sokoine kupanda Samora, mstari ukaanza kutembea kama mlevi: unaingia ndani ya jengo, unatokea mtaa wa pili, unarudi. Mimi nilikuwa kwenye lami muda wote. Mawimbi ya satelaiti yanagonga kuta za maghorofa kabla ya kufika mkononi, saa inadhani satelaiti iko mbali zaidi, inakuweka pahala usipokuwepo. Kwa kilomita chache za mjini peke yake saa iliachana na vibao kwa zaidi ya mita mia na hamsini.

Mtu ataniuliza, makosa si yanafutana, leo kushoto kesho kulia? Hayafutani. Saa inaunganisha nukta kwa nukta, na kati ya pointi mbili hakuna njia fupi kuliko iliyonyooka. Nukta ikiruka kushoto, umbali unaongezeka. Ikiruka kulia, unaongezeka vilevile. Kinyume chake hutokea kwenye njia ya kona nyingi saa ikipunguza nukta ili kutunza chaji: hapo inakata kona na kukupunja. Ndiyo maana saa mbili kwenye mbio moja zinaweza kugombana.

Kinachonichemsha ni hiki. Nilipofungua mipangilio nikakuta "GPS Only". Saa hii ina uwezo wa kutumia mifumo mingine ya satelaiti na masafa mawili ya mawimbi kwa pamoja, na hiyo ndiyo sababu ya bei yake! Nani aliipanga hivyo? Yuleyule, aliponifungulia boksi, "ili chaji ikae, dada." Nimeiwasha yote, nikarudi Samora asubuhi ya Jumapili. Mstari bado unayumba, lakini hauingii tena ndani ya majengo. Kwa hiyo saa yenyewe labda ni nyota tatu. Hata nne ukiishi Kigamboni, kwenye anga wazi.

Hapana, nairudisha mbili. Kwa sababu hata ikiwa imepangwa vizuri, inakuonyesha wastani hadi sekunde moja kwa kujiamini kana kwamba inaujua, na inalia "kilomita" mita mia kabla ya kibao. Nimezima ile kukata muda yenyewe kila kilomita. Sasa nabonyeza kitufe kwa mkono kila nikifika kwenye kibao, na nasoma muda, basi. Vibao navyo si Msahafu, kuna vinavyofungwa kwenye nguzo ya karibu badala ya mahali penyewe, ila kosa la kimoja linasawazishwa na kinachofuata. Kama unataka 1:45 na saa yako ina tabia ya kusoma 21.4, wastani wa kwenye kioo uwe 4:54, siyo 4:58.

Duka sifuri. Na ukienda kule ukaambiwa saa haidanganyi, mwambie akufungulie mipangilio ya satelaiti mbele yako kabla hujatoa hela.