Uzoefu wangu: kiolezo cha Excel cha mlinganyo wa Nernst (nyota 3 kati ya 5)

Kiolezo hiki cha bure kinapiga hesabu ya volti ya seli pale miyeyusho isipokuwa ya moli 1 kwa lita, kisha kinatoa konstanti ya msawazo, K. Nimekipima kwa seli ya bati na risasi makusudi. Seli ya zinki na shaba husamehe mno: volti zake 1.10 ni nyingi kiasi kwamba hata ukikosea Q mara 10, jibu bado linapendeza macho.

Mmenyuko ni Sn + Pb²⁺ → Sn²⁺ + Pb. Risasi ina −0.13 V, bati −0.14 V, kwa hiyo E° ni 0.01 V tu, na n ni 2. Niliweka Sn²⁺ moli 1.0 kwa lita na Pb²⁺ moli 0.10. Metali zenyewe haziingii kwenye Q kwa kuwa ni yabisi, hivyo Q ni 10. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi, E = 0.01 − 0.0296 × log 10, yaani takriban −0.02 V. Alama ya kutoa ina maana mmenyuko unarudi nyuma: risasi ndiyo inayoyeyuka.

Kiolezo kilinipa −0.058 V. Kosa lilikuwa `LN` kuwekwa pamoja na 0.0592, namba ambayo tayari imebeba kizidisho 2.303 cha logi ya kizio cha 10. Ukitaka kulikamata mapema, badilisha Q kutoka 1 hadi 10: n ikiwa 2, volti zishuke milivolti 29.6. Zikishuka 68, una kosa hili. Nimerekebisha hivi (B2 ni E°, B3 kelvini, B4 n, B5 Q):

```
=B2-(8.314*B3/(B4*96485))*LN(B5)
=EXP(B4*96485*B2/(8.314*B3))
```

Mstari wa pili ndio niliokipendea kiolezo hiki. Seli ikifika msawazo E ni sifuri na Q imekuwa K, kwa hiyo K inatoka moja kwa moja kwenye E°. Hapa ni 2.2. Q yetu ya 10 imeipita, na ndiyo maana volti zilitoka hasi. Majibu hayo mawili yasipokubaliana, kuna kosa mahali.

Usiandike tarakimu nyingi za K, lakini. Ukitumia −0.126 na −0.138 badala ya zile zilizokadiriwa, E° inakuwa 0.012 V na K inapanda hadi 2.5. Milivolti 2 tu!

Nyota nyingine nimeiondoa kwa sababu ya kisanduku cha joto. Kinabadilisha B3 lakini E° inabaki ya nyuzi 25, kwa hiyo K ya nyuzi 60 inayotoka humo haifai kutumika hadi uingize E° ya joto hilo.