Office ya Kununua Mara Moja au ya Kulipia Kila Mwaka? Hesabu ya Miaka 5

Asalaam aleikum jamani, karibuni tena kwenye chaneli. Leo niko hapa hapa Langoni, Lamu, na mkisikia punda akilia huko nje mnisamehe, yeye hana habari kama narekodi. Simu mpya leo sina. Leo nina hasira.

Kila mara naletewa laptopu, na mwenyewe ananiambia, "Mimi nililipa elfu moja na mia tano nikawekewa Office ya maisha, mbona imegoma?" Maisha gani hayo ya elfu moja na mia tano? Nilitaka video hii iwe ya kulinganisha tu, kununua mara moja au kulipia kila mwaka, lakini hili la tatu lazima tulimalize kwanza, kwa sababu wengi wenu mnajihesabu mmenunua na wala hamjanunua.

Hii mbele yangu ni laptopu ya jirani, ameniruhusu niionyeshe. Nafungua Command Prompt, kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, na naandika hivi, nendeni polepole na mimi:

```
cd "C:\Program Files\Microsoft Office\Office16"
cscript ospp.vbs /dstatus
```

Mmeona maandishi yalivyomwagika? Mengi hayatuhusu. Tafuteni mstari wa LICENSE DESCRIPTION. Hapa umeandikwa VOLUME_KMSCLIENT. Hii ni leseni ya jumla, ile inayotengenezewa makampuni yenye kompyuta nyingi. Kompyuta ya kazini inabisha hodi kwa seva ya kampuni, inapewa siku 180, halafu kila baada ya siku 7 inabisha tena na siku zinarudi 180. Ndiyo maana mfanyakazi haoni chochote. Sasa jirani yangu anauza vitambaa, seva ya kampuni ataitoa wapi? Aliyemwekea alipachika kijiprogramu kinachojifanya seva.

Shukeni kidogo hapo chini, REMAINING GRACE, siku 41. Ingekuwa inapata jibu, ingesoma 173 kwenda juu. 41 maana yake imebisha zaidi ya miezi minne na hakuna anayefungua. Pengine kinga ya virusi imekifuta kile kijiprogramu, na kwa kweli imefanya vyema, maana huwezi kujua kilikuja na nini kingine. Siku zikiisha, juu ya dirisha la Word patatokea Unlicensed Product. Ukiona RETAIL badala ya VOLUME, hiyo ni leseni ya dukani, tulia.

Haya, sasa wale wa halali wawili tuwapambanishe. Bei nazitaja kwa dola, zile za Marekani, na nazidisha kwa shilingi 130 ili hesabu iwe nyepesi. Mkataba wenu ukija na bei nyingine, badilisheni namba, njia ni ile ile.

Office Home 2024 unalipa dola 149.99 mara moja, kama shilingi 19,500, kompyuta moja. Ile ya kulipia kila mwaka, Microsoft 365 Personal, ni dola 99.99 kwa mwaka, yaani 13,000, na kwa miaka mitano 65,000. Na msisahau, mpaka mwanzoni mwa 2025 ilikuwa dola 69.99. Wakapandisha tu. Anayelipia kila mwaka hana pa kushika bei, hilo ndilo linaloniudhi mimi. Kwa hiyo 19,500 dhidi ya 65,000, tufunge video twende tukanywe kahawa?

Ngojeni kwanza. Ile ya kununua ilitoka Oktoba 2024, na marekebisho yake ya usalama yanakoma Oktoba 2029. Saa ilianza kuhesabu siku ilipotoka, wala haikungojea wewe ulipe. Ukiinunua 2026, imebaki miaka mitatu na kitu. Baada ya hapo itafunguka, utaandika barua zako, lakini tundu likigunduliwa hakuna wa kuliziba. Office 2019 yamekwisha kuipata hayo, Oktoba 2025.

La pili, ile ya 13,000 inakuja na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni, ya terabaiti 1. Mwenye picha anajua maana yake. Ndugu yangu ana nyumba ya wageni kule Shela, anaweka picha za vyumba, video za kutangaza, vitambulisho vya wageni, risiti. Hewa ya chumvi hii ya kwetu haina rafiki, diski ya nje huwezi kuiachia roho yako yote. Akinunua Office ya mara moja, hifadhi bado ataitafuta kwingine, na terabaiti 2 za Google ni dola 99.99 kwa mwaka. Umeona? Bei ile ile! Hapo Word na Excel zimekuwa bakshishi tu juu ya hifadhi. Lakini kama wewe una barua na hesabu za duka, vitu vya kuingia kwenye flashi, usinunue ghala la kuwekea kikapu. Nunua mara moja, au weka LibreOffice ya bure, mimi kwenye mashine ya dukani natumia hiyo hiyo. Itawachokoza kidogo kwenye majedwali mazito, lakini ile nitaifanyia video yake, msinitoe kwenye mstari.

Sasa hii hapa ndiyo iliyonigeuza kidogo. Microsoft 365 Family, dola 129.99 kwa mwaka, watu sita wa nyumba moja, kila mtu na terabaiti yake. Miaka mitano ni 84,500. Gawanya kwa sita: kila mtu 14,000 na kitu, kwa miaka yote mitano. Iko chini ya 19,500! Na nyumba ya Lamu kukosa watu sita ni shida? Shemeji, wifi, watoto wa chuo Mombasa, wamejaa. Tatizo ni moja, mlipaji ni mmoja, na wengine hawachangi mpaka wakumbushwe mara tatu.

Mlipaji akinyamaza, inakuwaje? Word itafungua faili na kuzichapisha, lakini kuhariri hakuna, vitufe vimepauka. OneDrive inarudi kwenye gigabaiti 5 za bure. Vilivyozidi utaviona na utaweza kuvishusha, kupandisha kipya huwezi, na ikipita miezi sita ukiwa umezidi, wana haki ya kufuta. Na kushusha si dakika moja: terabaiti nzima kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde ni siku tisa, usiku na mchana, bila umeme kukatika. Hapa kwetu! Kwa hiyo ukitaka kuhama, shusha kwanza, ndipo uache kulipa.

Mtaniuliza kuhusu hifadhi ya kulipia mara moja maishani. pCloud wanayo, terabaiti 2 kwa dola 399 hivi, na bei hucheza na ofa. Ukilinganisha na dola 100 kwa mwaka, miaka minne ya kwanza hujaokoa hata senti, faida inaanza mwaka wa tano. Na masharti yao yanasema maisha ni miaka 99 au uhai wa mwenye akaunti, kipi kifupi. Seva zinakula umeme kila mwezi na wewe umeshalipa, kwa hiyo hapo unabeti kampuni iwepo. Mimi ningeitia nakala ya pili, nakala ya pekee ng'o.

Ndugu yangu wa Shela amechukua ile ya Family, na nimemzimia malipo ya kujirudia kwenye akaunti, pale palipoandikwa Recurring billing, ili mwaka ukiisha aamue mwenyewe bei ikiwa imepanda. Wiki ijayo nitarekodi nikiwa Malindi, na maikrofoni mpya inshallah. Andikeni hapo chini REMAINING GRACE yenu inasoma ngapi, nataka kuona nani ana 180 na nani ana 3.