Huna friji? Ununue boksi, pauchi au paketi ya foili?

Hizi paketi zinachanganya watu sana, zote zinakaa shelfu moja na nyingine zinang'aa sawa, ila kinacholinda chakula ndani ni tofauti kabisa. Nimezipanga kwa nyumba isiyo na friji.

Ya kwanza ni boksi la aseptiki, lile la karatasi ngumu la maziwa ya UHT. Ukilikata unaona foili nyembamba ndani. Maziwa yanachemshwa nyuzi 135 hadi 140 kwa sekunde chache tu, boksi linasafishwa kivyake, mara nyingi kwa haidrojeni peroksaidi, alafu vinakutana sehemu isiyo na vijidudu na kufungwa hapo hapo. Ndo maana yanakaa miezi. Lakini ukishafungua vijidudu vinaingia, kwahiyo mimi nasema chukua la mililita 250 hata kama la lita linatoka nafuu, maana hilo dogo linaisha kwenye chai ya asubuhi, la lita kwa joto la Dar ukilibakisha mpaka jioni unaweza kukuta limeshakatika. Alafu angalia, maziwa ya mfuko wa plastiki ambayo tarehe yake inaisha baada ya siku chache tu sio UHT, hayo ni ya friji.

Ya pili ni pauchi ya ritoti, ya maharage, mchuzi au samaki. Ni nene, ukiminya unasikia kitu chenye majimaji kinatembea. Hii chakula kinafungwa kwanza ndo kinapikwa humo humo kwenye mtambo wa presha, nyuzi kama 121, mpaka joto lifike katikati kabisa, kwasababu mbegu za kijidudu cha botulizimu, kile kinachotoa sumu ya kuua kwenye chakula, zinavumilia maji yanayochemka. Ukifungua kula yote. Hapa kuna hatari moja naomba uishike, samaki wa moshi na soseji zilizonyonywa hewa zinafanana sana na ritoti ila hazijapikwa hivyo, kama imeandikwa iwekwe baridi au umeitoa kwenye friji ya duka achana nayo.

Ya tatu ni foili ya vitu vikavu, mfano maziwa ya unga. Hapa kinachozuia vijidudu kuzaliana ni ukavu, foili inazuia unyevu, hewa na mwanga tu. Ukifungua inadumu kuliko zote, mradi ufunge vizuri na kijiko kiwe kikavu. Nimeiweka mwisho kwasababu inataka maji salama, na ukishakoroga hayo ni maziwa ya kutumia muda huo huo.

Kabla hujalipa pitisha kidole kwenye mshono wote, chakula kikinasa hapo paketi haijafunga, alafu angalia kona zilizokunjwa maana foili inatoboka hapo. Boksi au ritoti ikiwa imevimba usiionje hata kidogo, sumu ya botulizimu haina harufu wala ladha.