Kutoa kontakti za simu kwenda kwenye jedwali: ipi ulipie na ipi uachane nayo

Watu wengi hapa Unguja wanauliza walipie apu gani ya kugeuza lile faili la kontakti la simu, lile la `.vcf`, liwe kolamu za Excel, halafu zirudi tena simuni. Kabla hujatoa hata shilingi moja jitengenezee kontakti ya kujaribia, mana bei haikwambii kitu. Tuseme ni mteja wako wa samaki Wete, ana namba mbili za mkononi na ya tatu ya kupokelea pesa, na wewe umeandika chini yake maelezo. Kwa aifoni faili lake huwa hivi:

```
BEGIN:VCARD
VERSION:3.0
N:Hamad;Salum;Ali;;
FN:Salum Ali Hamad
TEL;type=CELL:+255777XXXXXX
TEL;type=CELL:0777XXXXXX
item1.TEL:+255777XXXXXX
item1.X-ABLabel:Pesa
NOTE:Anadai 20\,000\nampigie jioni
END:VCARD
```

(Hizo X weka namba za kweli.) Sasa angalia mitego. Namba mbili zote zimeitwa CELL, kwa hiyo apu yenye kolamu moja tu ya mobail itaacha moja, au itazibandika zote kwenye kisanduku kimoja, na zikirudi simuni unapata namba moja ndefu isiyopigika. Ile ya `item1.` apu za ovyo haziioni kabisa, namba ya pesa ndo imekwenda hiyo. Na `\,` ni koma ya kawaida tu iliyokingwa, `\n` ni mstari mpya, kigeuzi kibovu kinakata hapo na nusu ya maelezo inaangukia kolamu ya jirani.

Kitu chengine ni majina. Pemba kina Salum Ali wamejaa tele, apu yenye kitufe cha kuondoa marudio ikiwa inalinganisha kwa jina tu itawafanya watu wawili kuwa mtu mmoja. Kizime hicho kwanza.

Namba moja kwangu ni ya bure: Google Contacts pamoja na LibreOffice Calc, unachotumia ni bando tu. Fungua akaunti mpya tupu ya Google, usitumie ile iliyomo simuni, la sivyo kontakti zote zitajirudia. Ingiza `.vcf`, kisha toa kwa `Google CSV`, yaani jedwali la maandishi matupu. Utaona kila namba ina kolamu ya jina lake na kolamu ya namba yenyewe, na namba zenye jina moja huweza kukaa kisanduku kimoja zikitenganishwa na ` ::: `. Hizo nukta usiziguse, ndo Google inavyojua ni namba mbili wakati wa kurudisha. Vichwa vya kolamu pia viache kwa Kiingereza hivyo hivyo. Ukiwa na watu wengi kata faili, kwa mara moja inapokea 3,000.

Kwa nini Calc na si Excel? Kwa sababu Calc inakuuliza kabla ya kufungua, unachagua `UTF-8`, unazibana kolamu zote unaziweka `Text`, basi. Excel ukiibofya CSV mara mbili inadhani namba za simu ni hesabu, sifuri ya mbele inaondoka, na ile ya +255 inaonekana `2.55777E+11`. Ukisevu CSV hapo hapo inaandika kile kinachoonekana, tarakimu sita za mwisho zimekufa na wateja wako wengi wa +255777 wana namba moja. Kama una Excel tu, ingilia `Data` kisha `From Text/CSV` na ugeuze kolamu kuwa `Text`.

Ya pili ni apu ya kulipia ya kompyuta, lakini ile tu yenye majaribio ya bure na inayokuachia upange mwenyewe kipi kiende kolamu ipi. Ipe Salum wako. Akirudi na namba tatu, jina "Pesa" na maelezo mistari miwili, lipa. Inafaa kwa mwenye duka anaefanya kazi hii kila mara, kwa mara moja ni kutupa pesa.

Ya tatu ni kijana wa stesheneri, Darajani au Chake hawakosekani. Sawa, ila simama hapo hapo, na usimlipe mpaka mhesabu: idadi ya `BEGIN:VCARD` ukitafuta kwenye Notepad++ kwa kitufe cha `Count` iwe sawa na mistari ya jedwali ukitoa kichwa. Mistari ikizidi ujue kuna maelezo yamekatwa, ikipungua kuna watu wameunganishwa.

Mwisho kabisa ni tovuti za kugeuza bure, mana unampa mtu usiemjua namba za wateja na jamaa zako wote, na nyingi hazikwambii faili linabaki kwao muda gani.

Picha za watu usizitarajie kwenye jedwali kwa njia yoyote katika hizi, kwa hiyo `.vcf` ya mwanzo iweke pembeni na usiifute hata kama kila kitu kimerudi vizuri.