Maiki ya hedseti au ya mezani? Tumezijaribu chini ya pangaboi, Mombasa

Asalaam aleikum watazamaji wangu, na habari zenu nyote. Niko Majengo, chumba cha ghorofani, dirisha liko wazi, pangaboi linazunguka juu yangu na barabara iko hapo chini. Sikuzima kitu. Nimefanya hivyo makusudi, maana majaribio mengi ya maiki hufanywa kwenye vyumba vilivyofungwa na kutandikwa mazulia, kisha unaambiwa nunua hii. Sisi hapa Mombasa tukifunga dirisha na kuzima feni mchana, hatumalizi hata nusu ya mkutano. Kwa hivyo swali langu leo ni moja: kelele ikiwa haiondoki, maiki ipi itamfikishia sauti yako aliye upande wa pili?

Mezani nina mbili. Hii ni hedseti ya waya, Logitech H390, ina mkono wa maiki unaoshuka hadi karibu na mdomo. Na hii iliyosimama ni Blue Yeti, maiki ya mezani ambayo wengi mnaiona kwa watangazaji wa podikasti. Zote zinaingia kwa USB. Tukisema za ufundi wa sauti, Yeti ni chombo cha daraja la juu zaidi. Ukiiweka chumba kimya, karibu na mdomo, sauti yake ni nene na tamu, na hedseti haiifikii.

Lakini sikilizeni. Sasa nazungumza kwa Yeti ikiwa pale inapowekwa na watu wengi, nyuma ya laptopu, kama nusu mita kutoka mdomoni. Mnalisikia pangaboi? Mnaisikia ile tuktuk? Sasa nahamia kwenye hedseti, sijagusa dirisha wala feni. Mmesikia tofauti. Na siri yake ni umbali kabla ya kitu kingine chochote.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtu akizungumza kwa sauti ya kawaida, ukipima mita 1 kutoka mdomoni unapata kama desibeli 60. Kila unapoupunguza umbali kwa nusu, sauti yake inapanda desibeli 6. Kwa hivyo nusu mita ni 66, sentimita 25 ni 72, sentimita 12 hivi ni 78, na sentimita 6, pale ilipo maiki ya hedseti, ni 84. Upande wa kelele, hakuna kinachobadilika. Pangaboi liko mbali na maiki zote mbili, barabara vilevile, kwa hivyo tuseme chumba hiki kina desibeli 50 za kelele, uwe umeishika maiki au umeiacha kule.

Basi kwa maiki ya nusu mita, sauti yako iko juu ya kelele kwa desibeli 16. Kwa hedseti, ni 34. Halafu tuktuk ipite chini ya dirisha, kelele ipande hadi 65. Wa nusu mita amebakiwa na desibeli 1, yaani neno limemezwa. Wa hedseti bado ana 19, na mwenzake anasikia tuktuk kwa mbali lakini neno halimpotei. Ndiyo maana ukizungusha kile kitufe kilichoandikwa GAIN hujasaidika: unapandisha sauti yako na pangaboi kwa pamoja, ile nafasi kati yao inabaki ileile.

Najua kuna atakayesema, "Lakini Zoom inafuta kelele yenyewe." Inafuta, na pangaboi hulifuta vizuri kwa sababu mlio wake ni mmoja muda wote. Shida ni pale sauti yako na kelele zinapokaribiana. Hapo programu inaanza kukata mwanzo na mwisho wa maneno, na sauti inakuwa kama inatoka ndani ya maji. Mkiambiwa "unakatikakatika" na mtandao wenu uko sawa, tazameni umbali wa maiki kabla hamjamlaumu wa intaneti.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wenye maiki za mezani wanajitetea nalo: maiki inayochagua upande. Nyuma ya Yeti kuna kitufe cha kuzungusha chenye alama nne. Alama ya mviringo ni kusikia pande zote. Alama kama moyo ni kusikia mbele na kupuuza nyuma. Alama ya nane ni kusikia mbele na nyuma na kupuuza ubavuni. Ya nne ni ya stirio, na mkutanoni haina kazi. Kwa mtu mmoja mezani, chagua moyo, na uzungumze upande wenye nembo, sio kwenye kichwa cha maiki. Wengi huielekeza ncha mdomoni kama maiki ya mhadhiri, na kumbe wanazungumza na ubavu wake.

Moyo unasaidia, ila lazima ujue kelele imekaa wapi. Nyuma kabisa ndipo maiki inapokuwa kiziwi. Ubavuni, juu na chini, inapunguza desibeli 6 tu. Sasa fikirini mlivyokaa. Watu wengi huweka meza ukutani na kuupa mgongo dirisha. Maiki inawaangalia wao, na nyuma yao kuna dirisha, kwa hivyo maiki inaliangalia dirisha ana kwa ana. Igeuze meza. Ukae wewe unalitazama dirisha, maiki ilipe dirisha mgongo. Kelele ya barabara inaangukia pale pasiposikia, na uso wako unapata mwanga mzuri wa kamera.

La pangaboi ni gumu zaidi, na hili sijaona likisemwa. Maiki ikiwa mezani, chini ya uso wako, unafanya nini? Unaiinamisha nyuma kidogo ili ielekee mdomo. Yaani unailenga darini, kwenye pangaboi. Ukiwa na mkono wa kuning'iniza, ufanye kinyume: maiki ishuke kutoka juu, usawa wa paji la uso, ikitazama chini kwenye mdomo wako. Hapo mgongo wake ndio unaoangalia pangaboi. Ivalishe sponji, kwa sababu upepo ukiigusa moja kwa moja unanguruma.

Na msitarajie kimya kitupu. Chumba changu kina kuta za plasta na sakafu ya vigae, hakuna zulia, hakuna pazia zito. Sauti ya barabara ikiingia inagonga ukuta ulio nyuma yangu na kurudi mbele ya maiki. Maiki haina namna ya kujua kwamba kelele hiyo ilianzia dirishani. Kadiri chumba kilivyo kitupu ndivyo ule moyo unavyopoteza faida yake, na hapo unarudi kulekule kwenye umbali.

Niwape mfano wa binamu yangu wa Kisauni, anafundisha wanafunzi wa ng'ambo kwa Zoom. Ana maiki ya mezani inayosikia kwa ile alama ya moyo, alikuwa ameiweka sentimita 60 kutoka mdomoni, dirisha mgongoni. Wanafunzi walikuwa wanalalamika kunguru. Tuligeuza meza, kisha tukaisogeza maiki hadi sentimita 15. Kutoka 60 kwenda 15 ni nusu mara mbili, kwa hivyo desibeli 12 hizo amezipata bila kununua kitu. Tukashusha GAIN, kwa sababu sasa sauti ilikuwa kubwa mno. Chini ya maiki tukakunja leso, maana kila akigonga kibodi meza ilikuwa inapeleka mtikisiko moja kwa moja kwenye kikalio. Kunguru bado wanasikika, lakini masomo yanaendelea. Tatizo lililobaki ni moja: akiegemea kiti, ule umbali unafika sentimita 30 na sauti inashuka desibeli 6. Maiki ya mezani inakutaka utulie. Hedseti inakwenda na kichwa chako.

Kwa hivyo kwa mikutano, hukumu yangu ni hedseti, na nasema hivyo nikiwa naipenda Yeti. Ila hedseti nayo ina namna yake ya kuvaliwa.

Maiki nyingi za hedseti zilizoandikwa kwamba zinapunguza kelele zina matundu mawili, moja linaelekea mdomo na jingine liko upande wa pili. Kelele ya mbali inafika matundu yote kwa nguvu sawa, basi inajiua yenyewe. Sauti ya mdomo iko karibu, inafika upande mmoja kwa nguvu zaidi, basi inapita. Kutokana na hapo unajua makosa matatu. Usizibe tundu la nyuma kwa tepu au kwa kidole. Usiuzungushe ule mkono hadi tundu la mdomo litazame nje. Na usiuinue mkono hadi usawa wa jicho kwa kuona unakera, kwa sababu ukiiweka mbali, maiki hiyo inaanza kuiona sauti yako kama kelele: unasikika mwembamba, kama redio ndogo.

Pahali pake ni pembeni ya mdomo, upana wa vidole viwili kutoka pembe ya midomo, chini kidogo. Isikae mbele ya midomo. Weka kiganja mbele ya mdomo useme "papa, pepo, pembe". Sisi wa Kimvita "p" zetu nyingine zina pumzi ya kweli, utaisikia mkononi. Sogeza kiganja pembeni hadi ule upepo uishe. Hapo ndipo pa maiki.

Kina dada mnaovaa mtandio, bendi ipite juu ya nguo, na mkono wa maiki utokeze mbele ya kitambaa. Kitambaa kikiugusa, kila ukigeuka kunasikika mkwaruzo ambao wewe huusikii, lakini mkutano mzima unausikia. Na joto la masikio ni kweli: zile pedi za ngozi bandia zinatoa jasho vibaya sana hapa pwani. Tafuteni zenye pedi za sponji au kitambaa, au ya sikio moja.

Kujua umefaulu ni rahisi. Kwenye Zoom fungua Settings, kisha Audio, bonyeza Test Mic. Nyamaza kidogo, kisha zungumza, halafu isikilize ikirudi. Nyamaza hapo mwanzo ni muhimu, ndiyo inayokuonyesha chumba chako kinasikikaje kwa wengine.

Pahali pamoja hedseti inashindwa: mkiwa wawili mnashiriki laptopu moja. Hapo chukua Yeti, weka alama ya nane, isimame katikati yenu mkitazamana, ubavu mmoja uelekee dirisha. Na nyote wawili mkae karibu nayo, shibiri moja hivi kila mtu.