TAHADHARI: Riboni "mpya" zilizokwisha kutumika, na fundi anayesema hedi imekufa

Wakuu, hasa mnaochapisha vitambulisho vya shule, vyuo na saccos: kuna mchezo kwa baadhi ya wauzaji wa vifaa vya printa za kadi, na huchezwa kwa awamu mbili. Kwanza unauziwa riboni ya YMCKO kwa bei ya chini mno kuliko ya wakala, ndani ya boksi safi kabisa. Ukishachapisha kadi kadhaa rangi zinaanza kuachana, herufi zinaota kivuli cha waridi upande mmoja na cha bluu upande wa pili. Ukimpigia muuzaji anakuletea fundi wake, na fundi hachelewi: "Bosi, hedi imekufa." Hedi ni miongoni mwa vipuri ghali zaidi kwenye printa hizi, na hapo ndipo pesa yako kubwa inapokwenda. Nianze na uongo huo wa pili.

Kwenye printa inayochapa moja kwa moja juu ya kadi, hedi ni moja tu na haisogei. Kinachosogea ni kadi. Inapita chini ya hedi ikapigwa njano, inarudishwa nyuma, inapita tena kwa majenta, inarudi, inapita kwa sayani, kisha nyeusi (K), mwisho tabaka la kinga (O). Vidoto vilevile vya hedi ndivyo vinavyochapa rangi zote. Kwa hiyo rangi zikiachana, maana yake kadi haikurudi pale ilipoanzia, na anayeirudisha kadi ni rola. Hedi yenye kidoto kilichokufa ina alama yake: mstari mwembamba mweupe, ulionyooka, kuelekea kadi inakopita, palepale kwenye kila kadi. Hata huo usiuamini mpaka hedi isafishwe, maana uchafu ulioganda juu yake huchora mstari kama huohuo.

Kabla hujamlipa mtu, fanya jaribio hili. Chora kadi yenye mistari mitatu myembamba ya wima: mmoja karibu na ukingo wa kushoto, mmoja katikati, mmoja karibu na ukingo wa kulia. Iweke kama picha, na kwenye draiva zima uchapaji wa nyeusi kwa paneli ya K, ili weusi utengenezwe kwa njano, majenta na sayani. Usipozima, mistari itachapwa kwa K peke yake, itatoka safi, nawe utadhani mashine ni nzima. Chapa, kisha itazame kwa kioo cha kukuzia. Printa ya 300 dpi ina kidoto cha takriban milimita 0.085, hivyo rangi zikipishana vidoto vitatu tu ni robo milimita, na jicho linaona.

Tuseme mwanzoni mwa kadi rangi zimepishana milimita 0.1, katikati 0.3, mwisho 0.5. Kosa linalokua namna hiyo ni utelezi: rola imeshika vumbi la plastiki au mafuta ya vidole, au kadi ni nyembamba. Kadi ya kawaida ni milimita 85.6 kwa 53.98, unene 0.76, ukiweka ya 0.5 kwenye mashine iliyopangiwa 0.76, rola haziikamati sawasawa. Kosa likiwa lilelile mwanzo hadi mwisho, shuku kihisi cha kadi kilichoziba vumbi. Rangi zikihama kwa upana, juu na chini, angalia kama kadi inacheza kwenye njia yake.

Dawa ya utelezi ni usafi. Zima printa, iache ipoe, toa riboni na kadi zote. Rola yenye gundi, ile inayofuta kadi kabla haijafika kwenye hedi, hubadilishwa. Riboni nyingi halisi huja na rola mpya ya aina hiyo ndani ya boksi, na boksi lisilokuwa nayo wakati mtengenezaji huiweka ni dalili ya kwanza ya wizi. Kisha washa, anzisha usafishaji kutoka kwenye draiva au kitufe, na ingiza kadi ya kusafishia iliyoloweshwa isopropili. Rola zikiwa chafu sana kadi ya kwanza hutoka nyeusi, basi rudia kwa nyingine. Hedi isugulie taratibu kwa kijiti laini chenye isopropili, printa ikiwa imezimwa, bila kugusa ukingo wake kwa kidole wala chuma, na usubiri dakika kadhaa ikauke. Asitokee mtu kukuambia utumie petroli, tina au asetoni. Zinaharibu mpira wa rola, na ukishaharibika utelezi unakuwa wa kudumu. Rudia kadi ya majaribio. Mistari ikiungana, hedi yako haikuwa na ugonjwa wowote.

Ikiwa bado, rudi kwenye riboni. Ifungue ukiwa mbele ya muuzaji. Riboni mpya ina upande mmoja uliojaa na mwingine wenye kipande cha mwanzo tu, na paneli zake ni safi. Inyooshe kidogo kwenye mwanga: ukiona sura ya mtu kwenye njano au majenta, au herufi zilizotoboka kwenye paneli nyeusi, imetumika na kurudishwa nyuma kwa mkono. Ukiichapia, kwenye picha ya mteja wako kutatokea mapengo yaliyofifia yenye umbo la sura ya mtu mwingine. Nyingine haijatumika yote, bali imeliwa nusu. Hapo chipu ya riboni husaidia: ukishaivalisha, soma kwenye draiva idadi iliyobaki. Boksi lililoandikwa 300 likisoma 112, rudisha. Likisoma 300 usifurahi bado, kuna chipu za kughushi, kwa hiyo hesabu kadi zako mwenyewe na utunze risiti.

Wakati wa kuivalisha fuata mishale ndani ya mashine, zungusha upande wa kupokea mpaka mikunjo iishe, kisha funga kifuniko na uiache printa itafute njano yenyewe. Riboni iliyolegea hujikunja na kuacha mstari wa mshazari kwenye kadi. Ikiwa mpaka wa rangi unaonekana katikati ya kadi, mfano nusu imekosa njano, hiyo si rola: aina ya riboni kwenye draiva haiendani na iliyomo, kihisi cha rangi ni kichafu, au paneli za riboni hiyo zimekatwa kwa urefu usio sahihi. Ya mwisho hutaitibu kwa usafishaji wowote.

Na riboni zilizotumika wanazipata wapi? Kwenye takataka zetu, na wapo wanaozinunua kwa kilo. Paneli ya K ya riboni iliyoisha inasomeka kama karatasi: jina, namba, tarehe ya kuzaliwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina ya 2019, kwa hiyo anayeuza roli hizo anauza taarifa za wanafunzi wako, nawe uliyezikusanya utaulizwa. Riboni ikiisha, ikateni vipande au ichomeni mahali salama.

Fundi akisisitiza kubadilisha hedi, mwombe kwanza kadi ya majaribio yenye mstari mweupe baada ya usafi, na piga picha ya namba iliyo kwenye lebo ya hedi yako kabla hajaigusa. Wengine huondoka na hedi nzima, wakaiacha iliyochoka ya mteja mwingine.