Nilivyofungiwa nje ya hifadhi yangu ya mtandaoni kwa sababu ya saa ya simu

Nimeilipia hifadhi hii ya mtandaoni kwa zaidi ya mwaka mmoja, na ninaloandika hapa ni habari ya siku tatu ilizonikataa, na ya mhudumu aliyenijibu kana kwamba sijui kuandika tarakimu sita. Mimi ndiye ninayeweka hesabu za kikundi chetu cha akina mama wakulima wa mwani huku Pemba: nani ameleta kilo ngapi za mwani mkavu, nani amelipwa na nani bado anadai. Jedwali lote lilikuwa ndani ya akaunti hiyo, na mnunuzi alikuwa njiani.

Asubuhi moja kompyuta ilinitaka niingie upya. Nenosiri lilipokelewa. Msimbo wa uthibitisho, ambao huusoma katika simu yangu ya zamani isiyo na laini, ulikataliwa. Nilisubiri ubadilike, nikaandika mwingine, nao ukakataliwa. Nilibadilisha nenosiri mara mbili, jambo ambalo sasa naelewa halikuhusiana kabisa na tatizo, kwa kuwa si nenosiri lililokuwa likikataliwa. Nilipomwandikia mhudumu alinijibu: “Mteja, unakosea kuandika. Andika polepole.” Nilimweleza kwamba tulikuwa watu wawili, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akiandika. Alirudia sentensi ileile, kisha akayafunga mazungumzo.

Aliyeona kosa ni mtoto wa kaka yangu, alipoiweka simu yake kando ya yangu. “Shangazi, mbona simu yako inasema ni saa tisa za usiku?” Kioo kiliandika 03:20, na mimi nilikuwa nimekitazama siku zote hizo nikasoma saa tatu na dakika ishirini asubuhi, kama ilivyokuwa kweli. Fundi aliyenibadilishia kioo alikuwa ameizima saa ya kujirekebisha yenyewe, akaiweka kwa mkono jinsi tunavyoitamka. Kwa hesabu ya simu, ilipaswa kuandika 09:20.

Programu ya misimbo haiulizi mtandao chochote. Inachukua ufunguo wa siri iliopewa siku ya kwanza, inahesabu vipande vya sekunde 30 vilivyopita tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia, na kutokana na hayo mawili inatoa tarakimu sita. Seva inafanya hesabu hiyohiyo kwa saa yake. Seva nyingi husamehe kipande kimoja, kwa ajili ya mtu anayechelewa kuandika. Simu yangu ilikuwa nyuma kwa saa sita, yaani vipande 720. Kila msimbo niliouandika ulikuwa sahihi, lakini kwa wakati uliokwisha pita.

Kijana aliisogeza saa mbele kwa mkono, na hapo nikajifunza jambo jingine: msimbo wa kwanza ulikataliwa, wa pili ukapokelewa. Dakika zililingana kwa macho, ila sekunde hazikulingana, na kosa la nusu dakika au zaidi linatosha kumfanya mtu abahatishe. Tuliiunganisha simu na mtandao wa nyumbani, tukawasha saa ya kujirekebisha yenyewe katika mipangilio ya tarehe na saa, na tangu hapo haijakataa tena. (Anayetaka kioo kiendelee kusoma saa ya Kiswahili asiiguse saa yenyewe, abadilishe eneo la saa tu, kwa mfano achague Buenos Aires, ambako saa iko nyuma ya yetu kwa saa sita. Misimbo haitaathirika, kwa sababu inahesabiwa kwa saa ya dunia.)

Nilikusudia kuandika kwamba huduma hii haifai. Hifadhi nyingine ya mtandaoni, Amazon S3, ikipokea ombi ambalo saa yake inapishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 15, hulikataa na kutaja kosa waziwazi, `RequestTimeTooSkewed`. Kwa nini hawa waliishia kuniambia msimbo si sahihi? Lakini haki lazima isemwe: ombi la namna ile hubeba wakati wake ndani yake, ilhali mimi nilituma tarakimu sita tupu, na seva haikuwa na njia ya kuiona saa ya simu yangu. Lawama yangu kwa programu basi inapungua, ingawa mstari mmoja chini ya kisanduku, wa kumkumbusha mtu akague saa, ungeniokolea siku tatu. Mhudumu simpunguzii chochote, kwa sababu nenosiri linapopokelewa na misimbo yote ikakataliwa, saa ndiyo ya kuulizwa kwanza, na hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuijua.

Nilikuwa nimeandika nyota moja. Naziacha mbili, kwa kuwa jedwali lilipofunguka kila kilo ilikuwa mahali pake, na akina mama walilipwa, ingawa mnunuzi alilazimika kulala Wete usiku mmoja zaidi akitungoja.